Taifodi haitoki nyumbani kwetu: nimpeleke mama mkwe akaoteshwe damu?

Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe, nauza chakula karibu na mwalo wa Kibirizi, makazi yetu ni Ujiji. Mwaka huu taifodi haitutoki. Mimi nikichoka au tumbo likiuma naenda maabara ya mtaani, natolewa damu, nasubiri kidogo, naambiwa ninayo, 1:160, nakunywa dawa. Juzijuzi baba watoto alishikwa na homa siku tisa. Hakunywa kitu ila panadoli. Hospitali walimtoa damu nyingi, wakasema wanaiotesha, na siku ya nne wakatuambia ni taifodi kweli. Wiki mbili baadaye binti yetu wa miaka 7 akaugua vilevile. Yeye nilikuwa nimeshamwanzishia dawa ya duka. Damu yake haikuota kitu, lakini daktari akamtibu taifodi hivyohivyo. Bado yuko kwenye dawa.

Sasa wifi yangu anasema chanzo ni mama mkwe. Tunakaa naye, anapika nyumbani na ananisaidia chakula cha biashara: maharage, wali, kachumbari. Miaka ya nyuma aliwahi kulazwa kwa taifodi, na baadaye akaambiwa ana vijiwe kwenye nyongo, ila sasa ni mzima, hata homa hana. Mtu mzima wa afya anaambukizaje? Nimpeleke aoteshwe damu kama mwanawe? Na mbona mimi ninayo kila mara lakini sijawahi kulazwa?

Mama Z., Ujiji

Marahaba, Mama Z. Pole kwa kuuguza wawili mfululizo. Naanza na swali lako la mama mkwe, maana jibu lake litakuokolea nauli na fedha: usimpeleke kuoteshwa damu. Cha kupima kwake ni choo kubwa. Nitakueleza kwa nini damu ya mwanawe ilisema kweli, ilhali damu yake yeye haitasema lolote.

Anayeleta ugonjwa huu ni bakteria ambaye kwenye karatasi ya majibu huandikwa Salmonella Typhi. Hakai kwa kuku, ng'ombe wala samaki; makao yake ni binadamu peke yake. Kila mgonjwa wa taifodi alikula au kunywa kitu kilichofikiwa na kinyesi cha binadamu mwingine, na mara chache mkojo. Akishamezwa, bakteria hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, akaingia ndani ya chembe za ulinzi za mwili na kubebwa hadi kwenye ini, wengu na uboho wa mifupa. Huko huzaliana kimyakimya, kwa kawaida wiki moja hadi mbili, wakati mwingine zaidi, na mtu anaendelea na shughuli zake. Kisha humwagika kwenye damu, na hapo ndipo homa inapoanza, ikipanda siku hadi siku, pamoja na kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, tumbo kuuma, kufunga choo au kuharisha. Kutoka kwenye ini huingia pia kwenye nyongo, na nyongo humrudisha utumbooni. Shika safari hiyo, maana kila kipimo kinamtafuta mahali fulani. Ukimtafuta pale ambapo hayupo, utaambiwa hayupo hata kama yumo mwilini.

Baba watoto alipofika hospitali alikuwa na homa ya siku tisa, yaani wakati ambao bakteria wako kwenye damu. Lakini hata wakati huo ni wachache mno. Kwa mtu mzima mara nyingi hupatikana bakteria mmoja au pungufu katika mililita moja ya damu. Kuweka tone la damu chini ya hadubini na kutarajia kumwona ni kama kuchota kikombe kimoja Ziwa Tanganyika ukitegemea kupata dagaa. Ndiyo maana walimtoa damu nyingi. Kwa mtu mzima huhitajika takriban mililita 10 kwa chupa, na wakichukua chupa mbili ni bora zaidi.

Mhudumu mzuri husafisha ngozi vizuri kwa spiriti au ayodini na kuiacha ikauke, hufuta pia mfuniko wa chupa, ndipo anachoma mshipa. Asipofanya hivyo, bakteria wa kawaida wa ngozi huingia kwenye chupa, nao huota vizuri sana, na maabara inabaki ikibishana na wadudu wasio na hatia. Ndani ya chupa kuna mchuzi wa lishe wa kukuzia bakteria, na dawa inayozuia damu isigande. Mchuzi huwa mara 5 hadi 10 ya damu, ili kingamwili za mgonjwa na masalio ya dawa vififie, visiwaue bakteria wale wachache. Chupa haiwekwi kwenye friji hata kidogo. Hupelekwa maabara mapema na kutunzwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, joto la mwili.

Siku ya kwanza au ya pili, bakteria wakishazaliana, chupa huwa na ukungu, au mashine hugundua hewa wanayoitoa. Mtaalamu huchukua tone na kulipaka rangi. Taifodi huonekana kama vijiti vyekundu. Lakini vijiti vyekundu viko vya aina nyingi, kwa hiyo hupandikiza tone lingine kwenye visahani vya lishe na kusubiri usiku mzima. Kesho yake hupima tabia za kile kilichoota: kinatumia sukari gani, kinatoa gesi au hakitoi, kinaogelea au hakiogelei. Mwisho hukichanganya na kingamwili maalumu zinazomtambua Salmonella Typhi. Pamoja na hayo hukiwekea vidonge vidogo vya antibayotiki ili kuona ni dawa ipi inamzuia. Hesabu mwenyewe: siku ya nne ndiyo uliyopewa jibu. Hawakuwachelewesha. Maabara inayokwambia imeotesha damu ikakupa majibu mchana uleule, kipimo walichofanya ni kingine.

Ile karatasi ya majibu ya mumeo iombe, na uitunze. Mbele ya jina la kila dawa kuna herufi. S maana yake dawa hiyo inamzuia bakteria, R maana yake bakteria ni sugu kwake. Hiyo karatasi itamfaa binti yako, na itamfaa bibi yake ikibidi.

Kuhusu binti, daktari wake alifanya sawa, nami namuunga mkono. Kuotesha damu ni kipimo ambacho kikisema ndiyo, ni ndiyo. Kikisema hapana, bado kuna nafasi ya shaka. Kati ya wagonjwa 100 wenye taifodi kweli, hunasa kama 60 hivi. Kwa mtoto damu inayochukuliwa ni kidogo, na binti alikuwa ameshakunywa antibayotiki ya dukani, ambayo inatosha kuwazuia bakteria wasiote kwenye chupa bila kuwamaliza mwilini. Weka juu ya hayo homa inayofanana na ya baba yake na nyumba ambayo taifodi imeshathibitishwa, halafu sema kama ungemwacha bila dawa. Kuna sampuli inayonasa zaidi hata baada ya dawa, nayo ni uboho wa mfupa, lakini huchukuliwa kwa sindano nene nyongani na ni nadra mtoto kuhitaji hayo. Jambo unaloweza kulibadilisha wewe ni moja: homa ikizidi siku tatu na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, damu itolewe kwanza, dawa ifuate. Dakika chache za kutoa damu hazimcheleweshi mgonjwa matibabu. Dozi ya dawa inayotangulia ndiyo inayoharibu jibu.

Sasa wewe na 1:160 yako. Kipimo unachofanyiwa mtaani ni cha Widal, jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza dhidi yake, na namba ile inaonyesha damu yako imezimuliwa mara ngapi huku askari hao wakiendelea kuonekana. Askari hao hubaki muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Hutengenezwa pia ukikutana na salmonela wa aina nyingine wasioleta taifodi, na malaria nayo inaweza kukipotosha kipimo. Sehemu kama zetu, ambako mtu hukutana na vimelea hivi tangu utoto, wapo watu wazima wasioumwa chochote wenye 1:80 na hata 1:160. Kipimo kimoja cha Widal, siku moja, kwa mtu aliyechoka na asiye na homa ya kuendelea, hakithibitishi taifodi. Ndiyo maana "unayo kila mara" na hujawahi kulazwa. Ninaamini sehemu kubwa ya taifodi zako hazikuwa taifodi, na lile tumbo linalouma linastahili kuchunguzwa kwa jina lake, ama vidonda vya tumbo, ama mkojo mchafu, ama minyoo. Inaniuma kuona mama lishe anamaliza mtaji kwa antibayotiki za ugonjwa asiokuwa nao, huku akiwafundisha bakteria wa tumboni mwake usugu.

Tumrudie mama mkwe. Mtu akipona taifodi, bakteria hawatoki wote siku homa inapokwisha. Wengi huendelea kuwatoa kwenye choo kwa wiki kadhaa, kisha huisha. Lakini wachache, kama 1 hadi 5 katika kila 100, hubaki nao zaidi ya mwaka, wengine maisha yote. Hao ndio wabebaji wa kudumu. Makao ya bakteria kwa mbebaji ni mfuko wa nyongo, na wakikuta vijiwe humo hujishikiza juu yake na kujifunika utando ambao dawa haiupenyi kirahisi. Nyongo inapomwagika utumbooni inashuka nao hadi chooni. Ubebaji huonekana zaidi kwa wanawake, kwa watu wa umri mkubwa, na kwa wenye vijiwe. Mama mkwe ana yote matatu, na aliwahi kuugua. Kwa hiyo wifi yako hakubuni. Swali lake ni la haki.

Na mbebaji haumwi, kwa sababu bakteria wake wako kwenye nyongo na utumbo, hawako kwenye damu. Hana homa, na damu yake ukiiotesha itatoka safi. Ungempeleka, ungepewa jibu la hapana, mngefurahi wote, na kachumbari ingeendelea kukatwa. Widal nayo haimfai, maana mtu aliyewahi kuugua anaweza kuwa na namba ya juu hata kama hana bakteria tena. Mbebaji anayejulikana kuliko wote duniani alikuwa mpishi wa New York, Mary Mallon. Mwaka 1907 uchunguzi wa familia alizozipikia ulimwonyesha kuwa ndiye chanzo, naye alikuwa mwenye nguvu na asiyekumbuka kuugua taifodi. Kipimo kilichomthibitisha kilikuwa cha kinyesi.

Hata hivyo, sijasema ni yeye. Angalia tarehe. Binti aliugua wiki mbili baada ya baba yake, na huo ndio muda ambao bakteria hukaa kimya mwilini. Anaweza kuwa aliwapata kwa baba yake, chooni au kwa mikono, na bibi hahusiki. Inawezekana pia wote wawili walikunywa maji yaleyale yasiyochemshwa. Na mtu mwingine anayegusa chakula kila siku, ambaye wifi hakumtaja, ni wewe. Kwa hiyo wanaopeleka choo maabara wawe watatu: mama mkwe, wewe, na baba watoto akishamaliza dawa. Jambo hili lina faida mbili. Utapata picha kamili, na bibi hatasimamishwa peke yake kama mshitakiwa. Mueleze mumeo akazungumze na mama yake faraghani, wifi asiwepo, na aseme wazi kuwa kubeba bakteria si uchafu wala si kosa lake.

Sampuli ya choo ichukuliwe hivi. Kila mmoja apewe kikopo safi chenye mfuniko kutoka maabara. Choo kisidondoshwe ndani ya tundu wala kisichanganyike na mkojo au maji. Atandike karatasi safi au atumie chombo kilichooshwa vizuri na kusuuzwa sabuni yote, kisha achukue kiasi cha punje ya karanga kwa kijiko cha kikopo. Kifike maabara ndani ya saa mbili. Mkikaa mbali, ombeni kikopo chenye lishe ya kusafirishia. Asiwe anatumia antibayotiki yoyote siku hizo. Na jambo ambalo watu hulikosa ni kwamba mbebaji hatoi bakteria kila siku. Choo kimoja kikitoka safi hakimsafishi mtu. Zinahitajika sampuli tatu za siku tofauti. Mkiwa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, msiseme tu "tunataka kipimo cha taifodi," maana mnaweza kuandikiwa Widal tena. Semeni: kuna mgonjwa wa taifodi aliyethibitishwa kwa kuotesha damu nyumbani, tunaomba kuoteshewa choo ili kutafuta mbebaji. Nendeni na ile karatasi.

Akionekana ni mbebaji, yapo matibabu. Kwa mtu mzima hutumika mara nyingi siprofloksasini kwa wiki nne mfululizo, iwapo karatasi inaonyesha bakteria si sugu kwake. Ni muda mrefu kuliko dozi ya mgonjwa wa kawaida, na vidonge vya siku tano vya dukani havitafanya kazi hiyo. Kwa mwenye vijiwe dawa peke yake hushindwa mara nyingi, na daktari wa upasuaji anaweza kushauri kuondoa mfuko wa nyongo, akipima umri wake na maumivu anayopata. Hata upasuaji hautoi uhakika wote, kwa sababu bakteria wengine huweza kubaki kwenye ini na mirija ya nyongo. Baada ya matibabu choo huoteshwa tena mara kadhaa kabla ya mtu kurudi kushika chakula cha watu.

Wakati mnasubiri majibu, tofautisha chakula na chakula. Maharage yaliyochemka na wali uliotoka jikoni unafuka hayana hatari, kwa sababu kuchemka kunamuua bakteria huyu. Hatari iko kwenye kinachoguswa kwa mkono na kuliwa bila kupita motoni tena: kachumbari, matunda yaliyokatwa, juisi, maji ya kunywa, na wali uliopoa unaopakuliwa kwa mkono. Kwa hiyo kazi hizo mama mkwe aziache sasa, na kwenye biashara nakushauri apumzike kabisa hadi majibu yatoke. Nawe mwenyewe, kwa kuwa bado hujapimwa, kachumbari iondoe mezani kwa muda huo. Wateja wa mwaloni watakula mchicha uliopikwa. Kila anayetoka chooni nyumbani kwenu anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, siyo kuchovya kwenye beseni moja, na maji ya kunywa yachemshwe hata kama yanaonekana meupe.

Binti asiache dawa kwa sababu homa imeshuka. Homa ya taifodi huchukua siku kadhaa kushuka hata dawa ikiwa sahihi, na dozi huisha siku aliyosema daktari. Mkiona tumbo linauma ghafla kwa nguvu, limekuwa gumu au limevimba, au choo kina damu au ni cheusi, mrudisheni hospitali saa ileile hata kama ni usiku, maana utumbo unaweza kutoboka, hasa kuanzia wiki ya tatu ya ugonjwa. Na yeye au baba yake akipata homa tena ndani ya wiki mbili tatu baada ya kumaliza dawa, usinunue kitu dukani. Wagonjwa wachache hurudiwa na ugonjwa. Apelekwe hospitali akiwa hajanywa antibayotiki, na hapo damu ioteshwe upya.